Ngumi na penseli

Yule nyoka tulimkuta alfajiri amekwama kwenye wavu wa banda la kuku, nusu yake ndani, nusu yake nje. Alikuwa swila, mrefu kama mita moja na robo, na katikati ya mwili alikuwa na vinundu viwili vya duara vilivyomfanya aonekane kama soksi iliyotiwa malimau. Usiku alipenya kwenye tundu akiwa na njaa. Akameza mayai mawili, akarudi kutokea palepale alipoingilia, na tumbo likamkatalia.

Swila wa huku kwetu hutema sumu, naye hulenga macho. Tulisimama mbali, hatua saba nane, tukimtuma mtoto akamwite Baba Neema, jirani yetu ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja amevaa miwani yake ya kazi, mkononi ana mti mrefu wa kuangulia maembe, akammaliza. Kisha akaushika ule wavu, akaingiza vidole vyake viwili kwenye tundu moja bila shida, akanigeukia. "Mwalimu, hii uliyofunga hapa inamzuia kuku asitoke. Haimzuii mtu kuingia."

Alisema kweli. Wavu wa kuku wa kawaida, ule wa matundu ya pembe sita, umetengenezwa kwa ajili ya kuku. Nilikuwa nimeununua kwa bei ya kuniuma, nikaukaza vizuri kwa misumari, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo ningelijiuliza kabla ya kujenga: huyu anayekuja usiku anapitia wapi, na anahitaji nafasi ya ukubwa gani?

Kijiji chetu kipo chini ya Milima ya Udzungwa, upande wa Kilombero, ambako mashamba ya miwa na mpunga yanaishia na msitu unaanza bila kupiga hodi. Ukisimama nyuma ya nyumba yangu unaona miti ya hifadhi. Hifadhi yenyewe ni ya mwaka 1992, lakini chui wapo toka enzi za mababu, na mbwa wasio na mwenyewe wameongezeka kadiri kijiji kilivyoongezeka. Nyoka siwasemi. Mwenye kuku na mbuzi hapa ana maadui watatu ambao hawafanani kwa lolote, na kosa langu la kwanza lilikuwa kuwajengea wote ukuta mmoja.

Chui alikuja wiki tatu baada ya swila. Banda la mbuzi lilikuwa la miti, kuta zake mita moja na nusu, na kati ya ukuta na paa la nyasi nilikuwa nimeacha nafasi ya kama sentimita arobaini ili hewa ipite. Mbuzi wanahitaji hewa, hilo nililisoma na ni sahihi. Asubuhi nikakuta majike mawili yamelala chini yamekufa na mtoto mmoja hayupo. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile nilivyoufunga.

Watu wakaja na kila mmoja na lake. Wengi walisema ni mbwa, kwa sababu wiki ile mbwa walikuwa wameingia kwa jirani wa pili. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi za ulinzi porini hakubishana na mtu. Aliwageuza wale mbuzi shingo, akatuonyesha matundu ya meno kooni, machache, ya kina, yamekaa kwa jozi, na mwili uliobaki hauna jeraha la maana. Akasema mbwa hawaui hivyo. Mbwa humkimbiza mbuzi, humrarua mapaja, masikio na mkia, hujeruhi watano sita na mara nyingi hawali hata mmoja. Ukikuta mbuzi yuko hai lakini nyuma ameraruliwa vibaya, hao ni mbwa. Halafu akatupeleka nyuma ya banda penye udongo laini. Nyayo zilikuwa za duara na hazina alama za kucha, maana chui hutembea amezificha kucha zake. Mbwa hawezi kuzificha. Nyayo yake ina vitone vinne vya kucha mbele.

"Huyu hakupita mlangoni," akasema, akaonyesha juu. Kwenye boriti palikuwa na mikwaruzo mipya, na nyasi za paa zimesukumwa pembeni.

Nikamuuliza kwa nini aue watatu na kubeba mmoja, tena mdogo. Akanieleza kwamba chui akijikuta amefungiwa na mbuzi wanaorukaruka huku na huku, huendelea kuua kila kinachopita mbele yake, lakini kutoka ni lazima apande tena na mzigo mdomoni. Aliyeweza kupenya naye kwenye ile nafasi alikuwa mtoto tu. Kwa hiyo ile nafasi ya hewa ndiyo iliyomwingiza chui, na ndiyo iliyomzuia kuondoka na wale wakubwa wawili aliowaua. Sijui nicheke au nilie nikikumbuka.

Wapo walioniambia nitege sumu kwenye ile mizoga. Sikutega. Kumuua chui bila kibali ni kosa la jinai, lakini hata ukiweka sheria pembeni, sumu haichagui: hula mbwa wa jirani, hula tai, na siku moja hula mtoto aliyeokota kipande cha nyama. Nilikwenda ofisi ya kijiji nikatoa taarifa siku ileile, mizoga ikiwa bado ipo na nyayo hazijafutika, kwa sababu maombi ya kifuta jasho yanahitaji mtu wa wanyamapori aone kwa macho. Halafu nikaanza kubomoa.

Kanuni niliyojengea mara ya pili ni ya kitoto kabisa, na labda ndiyo maana imenisaidia. Chumba cha mbuzi nilikipima kwa ngumi. Chumba cha kuku nilikipima kwa penseli.

Kwa mbuzi, adui ni mwenye mwili mkubwa: chui, mbwa, na chatu anayeweza kumeza mwanambuzi. Hakuna hata mmoja kati yao anayepita mahali ambapo ngumi yangu haipiti. Mguu wa chui wenyewe ni mpana kama ngumi, kwa hiyo pengo dogo zaidi ya hapo linamzuia hata kuingiza mkono na kuvuta. Nyoka wembamba wanaweza kupita kwenye pengo la namna hiyo, lakini hawana mpango wa kumla mbuzi. Kwa kuku mambo ni kinyume. Anayekula mayai na vifaranga anaweza kuwa mwembamba kama kamba ya viatu, na nyuma yake kuna panya ambaye ndiye huwafungulia nyoka njia. Pale, tundu lolote ambalo penseli inaingia ni mlango.

Miti sikuitoa msituni. Toka Julai 2011 hata kuokota kuni ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, na kwa kweli miti ya msituni si lazima. Watu wengi hapa wamepanda mitiki, na wanapopunguza shamba huuza nguzo nyembamba kwa bei ya kuni. Nilinunua nguzo tisa za mita tatu na nusu. Mitiki yenye moyo wa kahawia mchwa huiogopa, lakini nguzo changa ina gamba jeupe nje ambalo mchwa hula bila aibu, kwa hiyo nililichonga lile gamba sehemu ya kufukiwa kisha nikaichoma kwa moto hadi ikawa nyeusi. Mashimo yalikuwa ya sentimita sitini, mawe yakishindiliwa kuzunguka. Tulizipanga mistari mitatu ya nguzo tatu, umbali wa mita moja na nusu, ikatoka sakafu ya mita tatu kwa tatu. Nina mbuzi sita wakubwa, kila mmoja anapata mita ya mraba moja na nusu, na watoto wana pa kuchezea.

Sakafu iko mita moja juu ya ardhi. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa kule Mgeta, milima ya Uluguru, wamefuga kwenye mabanda ya juu namna hii kwa miaka mingi, hasa kwa ajili ya usafi, maana kinyesi na mkojo hudondoka na kwato hukaa pakavu. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine pia: kifutu, nyoka anayelala njiani kama kipande cha gogo, hapandi nguzo kumfuata mbuzi. Sakafu ni fito za mitiki zilizopasuliwa, upande wa bapa juu, na kati ya fito na fito pana upana wa kidole kimoja chembamba, sentimita moja na nusu hivi. Ukizidisha mpaka mbili na nusu, watoto wa mbuzi huchomeka mguu na kuuvunja. Na kuna jambo nililoambiwa na mtu aliyepata hasara: mapengo ya sakafu yakiwa mapana, mbwa huingia uvunguni na kung'ata miguu kutokea chini. Kwa hiyo uvungu nao nimeuziba pande tatu, na upande wa nne una mbao za kuchomoa ambazo tunazitoa Jumamosi tunapokwangua samadi. Samadi ikirundikana uvunguni inakuwa na joto, panya wanahamia, na nyoka anawafuata.

Kuta nilitumia mabanzi, zile mbao za pembeni zenye maganda ambazo mashine ya kupasulia inazitupa. Hapa fundi wangu na mimi tulibishana nusu siku. Yeye alitaka kuyapigilia kwa ndani ya nguzo ili nje paonekane nadhifu. Nikamwambia anayesukuma yuko nje. Banzi likiwa nje ya nguzo, adui akilisukuma analikandamiza kwenye nguzo. Likiwa ndani, kila akisukuma anaing'oa misumari. Akanijibu kwamba beberu naye anasukuma kutokea ndani kwa pembe. Hapo alikuwa na haki. Tukapigilia nje, kwa misumari ya inchi nne, ncha zilipotokea upande wa pili tukazikunja kwa nyundo, na ndani tukapitisha mti mmoja mlalo usawa wa pembe za beberu. Mpaka kimo cha goti mabanzi yamebanana kabisa ili mwanambuzi asitoe kichwa nje. Juu ya goti yana mapengo ya nusu ngumi kwa ajili ya hewa.

Sasa paa, ambalo ndilo lililonigharimu usingizi. Ile nafasi ya hewa juu ya ukuta niliiacha ileile, sentimita arobaini, ila nimeijaza fito zilizosimama, moja kila baada ya nusu ngumi, zimeshikwa chini na juu. Hewa inapita, chui hapiti. Halafu tukaja kwenye nyasi zenyewe. Nyasi si paa kwa chui. Anazifukua kama kuku anavyofukua takataka. Kwa hiyo chini ya nyasi tuliweka mianzi iliyopasuliwa, tukaipigilia kwenye kombamoyo kwa kukaribiana, ngumi haipiti, kisha nyasi zikaja juu yake kukinga mvua tu. Ungekuwa na bati ni vizuri zaidi, lakini bati lililopigiliwa kwa misumari michache nalo hufunuliwa ukingoni, kwa hiyo hata mwenye bati asiache kuweka miti chini yake. Mwembe uliokuwa umetandaza tawi juu ya banda nilikata lile tawi. Mama mkwe alinuna wiki nzima, ndilo lililokuwa linazaa sana.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisizungushe ua tu. Kule Simanjiro wafugaji wa Kimaasai wana maboma ya ukuta hai, miti imepandwa ikachipua, na wavu wa chuma umefungwa kati yake. Yamefanya kazi kubwa dhidi ya simba na fisi. Lakini boma lile liko wazi juu, limekusudiwa ng'ombe wengi na adui anayetembea chini. Adui wangu anapanda miti na mbuzi mdomoni.

Mlango ni wa mabanzi pia, unafungukia nje, kwa sababu ileile ya mabanzi: mbwa akiusukuma unakaa kwenye fremu yake imara zaidi. Bawaba ni vipande vya tairi la gari, vinne, kila kimoja kina misumari sita. Komeo ni mti mnene unaopita kwenye vishikio vya chuma chakavu ambavyo Baba Neema alinichomelea bure, pamoja na komeo jingine dogo chini. Komeo moja la katikati halitoshi. Mbwa wawili wakiivuta kona ya chini, mlango hupinda na pengo hufunguka. Nililiona hilo kwa kuivuta mwenyewe.

Chumba cha kuku kimeshikana na kile cha mbuzi lakini kiko chini, ukuta wa tofali za kuchoma, paa la bati, mita mbili kwa moja na nusu. Nina kuku ishirini na wawili na wanalala tu humo, mchana wako nje. Kuku mmoja anahitaji kama sentimita ishirini za kijiti cha kulalia, kwa hiyo ishirini na wawili wanahitaji mita nne na nusu kasoro kidogo: vijiti vitatu vya mita moja na nusu. Nilitaka kuongeza kuku, hesabu ikanikataza.

Pesa nyingi zaidi zilikwenda sakafuni, nami sijutii. Mfuko mmoja wa saruji, tukichanganya ndoo tatu za mchanga na sita za kokoto kwa kila ndoo ya saruji, ulitosha kumwaga sakafu ya unene wa sentimita tano, na saruji iliyobaki tukapiga lipu nje ya ukuta kimo cha mkono. Sakafu ya udongo panya huichimba kutokea nje, na shimo la panya likishafika ndani, swila hana haja ya kutafuta mlango. Kuzunguka msingi, upande wa nje, tulilaza vipande vya tofali na mawe upana wa sentimita arobaini, tukashindilia. Mbwa anapotaka kuchimba huanzia palepale ukutani. Akikuta jiwe hasogei nyuma kufikiri, anaacha.

Madirisha ni mawili, madogo, marefu kama mkono wa mtoto. Yana wavu wa chuma wa matundu madogo sana, ule wanaoanikia kahawa, ambao penseli haipiti. Ulikuwa ghali kwa mita, lakini nilihitaji mita moja tu. Wavu umewekwa nje, kingo zimekunjwa na kubanwa kwa vipande vya mbao, kwa sababu wavu uliopigiliwa msumari hapa na pale huacha mdomo katikati.

Nilidhani nimemaliza. Siku ya kwanza nilifunga mlango nikiwa ndani, jua likiwa bado kali, nikatazama mwanga unaingilia wapi. Nawashauri wote mfanye hivyo, dakika tano tu. Juu ya ukuta, pale bati linapokalia tofali, kila wimbi la bati lilikuwa na tundu lake la mwanga. Nikahesabu kumi na nane. Katika kila moja penseli ilipita na dole gumba likapita. Ukuta wa tofali haumzuii nyoka kupanda, hasa ukiwa hauna lipu, na kwa panya ukuta huo ndiyo barabara yake. Tuliyaziba mawimbi yote kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na saruji kidogo na majani makavu yaliyokatwakatwa. Udongo mtupu ulikuwa umepasuka baada ya siku nne.

Kuhusu dawa za kufukuza nyoka, nimeambiwa vitunguu saumu, oili chafu, mpira wa kuchoma. Oili niliimwaga mwaka ule wa kwanza kuzunguka banda lote, na yule swila alipita juu yake. Nilichobaki nacho ni ardhi isiyoota mchicha. Kinachoonekana kusaidia ni kazi isiyo na sifa: mayai kuokotwa kabla ya magharibi, pumba kuhamishiwa kwenye pipa lenye mfuniko, nyasi kufyekwa hatua nne kuzunguka, na ile lundo la tofali zilizobaki kuondolewa kabisa. Lundo la tofali ni nyumba ya wageni ya nyoka.

Mbwa walikuja mwezi wa pili. Tuliwasikia, tukawamulika, asubuhi tukakuta wamechimba mahali pawili wakaishia kwenye mawe. Mmoja aliacha nywele kwenye kona ya chini ya mlango. Kwa jirani waling'ata mbuzi wawili usiku uleule, na afisa mifugo alimwambia awatenge na asiwachinje wala kuwauza, maana haijulikani kama mbwa wale wana kichaa. Mtoto wake aliyekuwa ameshika jeraha bila kunawa alioshwa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha akapelekwa kituo cha afya.

Chui naye amerudi, najua, kwa sababu Agosti iliyopita nyasi za paa zilifukuliwa duara moja kubwa kama sinia, na mianzi chini yake ina mikwaruzo mirefu minne minne. Mbuzi walipiga kelele, nikagonga sufuria ndani ya nyumba, sikutoka. Mwanzi mmoja ulikuwa umepasuka. Nilipoutoa kuubadilisha niliona umeliwa na vidudu kwa ndani, unga mweupe unamwagika, na jirani zake watatu nao wameanza. Tulikuwa tumeikata ile mianzi michanga, tukaipandisha palepale bila kuiloweka mtoni. Mipya iko majini toka Jumatatu iliyopita, nimeifunga kwa kamba kwenye mzizi wa mtini, na fundi anasema inataka wiki tatu kamili. Mpaka hapo, upande ule wa paa umeshikwa na mlango wa zamani wa banda, uliolazwa juu ya kombamoyo na kufungwa kwa waya.